Doti ya Mama, Si ya Mtoto

Ingia duka la zawadi Kariakoo useme unamtafutia rafiki yako mjamzito kitu. Utatolewa beseni la kuogea, kofia za sufu, nepi na mablanketi. Mwenye mimba mwenyewe hana rafu. Bidhaa zinazomfaa yeye ziko kwa wauza khanga na madera, Mtaa wa Uhuru hapa Dar es Salaam au Mtaa wa Biashara kule Mombasa, ambako duka la Kaderdina Hajee Essak, lenye chapa ya Mali ya Abdulla, linafanya kazi hiyo tangu 1887.

Khanga ni zawadi ya kawaida kiasi kwamba wengi hawafikirii wanaponunua, na hapo ndipo inapopotelea kwa mtoto. Hospitali nyingi humtaka mjamzito aje na khanga: za kutandika, za kujifuta na za kumpokelea mtoto. Baadhi zitalowa damu, nyingine zitageuka mbeleko. Doti uliyompa yeye ikichanganyika na hizo, umenunua vifaa vya uzazi. Basi jina ndilo litakaloitenga. Chagua jina linalomsemea yeye, la upendo au la shukrani, naye ataona uchungu kuitandika kitandani. Lisome lote kabla hujalipa, maana majina mengi ni mafumbo ya kumrushia jirani au mke mwenzio, na khanga yenye pindo zuri inaweza kubeba tusi ambalo mpokeaji atalielewa kabla yako.

Baada ya jina, kitambaa. Mjamzito anasikia joto kuliko wengine, kwa sababu damu inaongezeka mwilini na ngozi inachemka. Pamba hunywa jasho, tena fundo lake hushika juu ya tumbo. Poliesta huteleza, naye akawa anajifunga upya kila akiinuka. Tatizo ni kwamba poliesta inang'aa na rangi zake zimekolea, kwa hiyo dukani ndiyo inayovutia macho. Khanga huuzwa haijapindwa, hivyo mwombe muuzaji uchomoe nyuzi mbili ukingoni, uende nje uziwashe kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini linalopukutika. Poliesta huyeyuka, ikapoa ikawa kidonge kigumu chenye harufu ya plastiki. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kukujibu.

Ila jaribio hili lina mpaka wake ukifika kwenye madera. Mengi yameshonwa kwa viskosi, ambayo nayo huungua kama karatasi ingawa si pamba. Si mbaya, ni nyepesi na ina ubaridi, lakini ikilowa hudhoofika, kwa hiyo ifuliwe bila kukamuliwa kwa nguvu.

Dera nalipenda kuliko khanga kwa zawadi hii, kwa sharti lipitie kwa fundi kwanza. Nilimnunulia rafiki yangu mwenye mimba ya miezi saba dera la kawaida, la saizi moja kwa wote. Alipolivaa, tumbo lilivuta kitambaa cha mbele kikapanda, nyuma kikaburuta sakafuni. Mimba inapokua mizani ya mwili hubadilika na mtu haoni miguu yake. Pindo refu kwenye ngazi ni hatari ya kweli. Tulilipeleka kwa fundi wa barazani. Akampima kutoka begani hadi kifundo cha mguu, mbele na nyuma kila upande kwa kipimo chake, rafiki yangu akiwa amevaa ndala anazovaa nyumbani. Akapunguza nyuma na kuacha mbele ilivyo. Kisha akatia zipu mbili za inchi kumi kwenye mishono ya kifuani, kila moja ikiwa na kitambaa ndani ili meno yasiikwaruze ngozi. Dera likafaa kwa mimba na kwa kunyonyesha, asihitaji kujivua shingoni mbele ya wageni. Kwa mtazamo wangu malipo ya fundi ndiyo sehemu ya zawadi yenye thamani kubwa, ingawa watu huyakwepa kwa kuwa hayaonekani yakifungwa kwenye karatasi ya zawadi.

Khanga nayo isipelekwe kama ilivyotoka dukani. Ni vipande viwili vilivyoungana na vina wanga unaokwaruza. Vikatwe, vipindwe, vifuliwe kwa maji baridi peke yake, kwa kuwa rangi huchuja mara ya kwanza. Kazi hiyo ya kuinama karaini mjamzito asiachiwe.

Mtoto huweza kuwasili kuanzia wiki ya 37, pengine mapema zaidi. Nunua mwezi wa saba wa mimba, umpelekee zawadi ikiwa safi na imekunjwa, tayari kuvaliwa siku hiyohiyo.