Harara kwa mtoto mchanga

Harara, ambayo wengi huiita vipele vya joto, hutokea jasho linapokosa njia ya kutokea. Kila tezi ya jasho ina mrija mwembamba unaopanda hadi kwenye tundu dogo juu ya ngozi. Kwa mtoto mchanga mirija hii bado haijakomaa, na joto likizidi hupokea jasho jingi kuliko inavyoweza kupitisha. Ngozi iliyolowa kwa muda mrefu hufura na kubana matundu yake, na bakteria wa kawaida wanaoishi juu ya ngozi ya kila mtu huongeza utando wa kunata unaoziba zaidi. Jasho hubaki chini, mrija hupasuka, na maji huvujia ndani ya ngozi yenyewe. Hakuna ugonjwa ulioingia mwilini, wala mtoto hawezi kumwambukiza mwenzake.

Sura ya vipele hutegemea kina cha mahali palipoziba. Mrija ukiziba juu kabisa, kwenye tabaka la seli zilizokufa, hutokea vilengelenge vya maji maangavu vyenye upana wa milimita 1 au 2, kama matone ya umande yaliyotua kwenye paji la uso, shingoni au kifuani. Ngozi chini yake haina wekundu, havimwashi mtoto, na hupasuka kwa kuguswa tu na kitambaa. Aina hii huonekana zaidi katika wiki mbili za kwanza za maisha na huisha ndani ya siku chache, mara nyingi kabla hata mama hajaamua la kufanya.

Mrija ukiziba chini zaidi, jasho huvujia mahali penye seli hai, na mwili huitikia kwa kuvimba. Hapo ndipo hutokea vipele vyekundu, vidogo na vingi, vinavyowasha na kuchoma. Aina hii hupata zaidi watoto waliofikisha wiki ya kwanza hadi ya tatu na kuendelea. Mtoto hawezi kujikuna, kwa hiyo hujinyonganyonga, hulia akivalishwa na hutulia akivuliwa. Wakati mwingine vipele huwa na ncha nyeupe inayofanana na usaha, na hapo ndipo wazazi wengi hushtuka. Majimaji hayo meupe mara nyingi ni seli za kinga zilizokusanyika kwenye uvimbe tu, bila bakteria wa ugonjwa. Lakini kwa macho peke yake ni vigumu kuwa na hakika, na kwa mtoto aliye chini ya miezi 2 kipele chenye ncha nyeupe kinastahili kuonwa na mhudumu wa afya.

Mahali pa kutafuta harara ni pale jasho linapokaa na ngozi inaposuguana au kufunikwa: mikunjo ya shingo, nyuma ya masikio, kwapani, kwenye kinena, mgongo ulioegemea godoro lililofunikwa kwa nailoni, na kifua kilichokaa muda mrefu juu ya mwili wa mama. Viganja na nyayo husalimika, ingawa vina tezi nyingi za jasho. Kwa hiyo vipele vilivyojaa kwenye nyayo za mtoto vinaelekeza kwingine, na katika Afrika Mashariki jambo la kwanza kulifikiria ni upele, yaani ule wa vidudu vinavyochimba ngozi. Aghalabu mtu mwingine nyumbani naye huwa anajikuna usiku.

Vitabu vingi husema wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hufichika. Vipele huonekana vya kahawia iliyokolea, vya kijivu au vya rangi ile ile ya ngozi. Njia nzuri ni kumpeleka mtoto karibu na dirisha ili mwanga wa mchana umpige kwa upande, kisha kuufungua mkunjo kwa vidole viwili na kupitisha ncha ya kidole cha tatu juu yake. Harara huhisika kama chembe za mchanga. Katikati ya kipele na kipele ngozi ni nzima na kavu kiasi, na jambo hilo dogo ndilo linalosaidia kuliko rangi katika kuitofautisha na maambukizi.

Fangasi wa mikunjo hawaachi ngozi nzima katikati. Mkunjo ukifunguliwa huonekana eneo moja lililoungana, linalong'aa, bichi na lenye unyevu, na uwekundu wake huwa mkali zaidi ndani kabisa ya mkunjo. Huenda pakawa na utando mweupe na ufa mdogo kwenye mstari wa mkunjo. Pembeni mwa eneo hilo husimama vipele vichache vilivyojitenga, na dalili hii ni ya kuaminika sana. Mara nyingi mtoto huyo huyo ana utando mweupe mdomoni usiofutika kwa kitambaa, au wekundu wa namna hiyo sehemu za nepi.

Bakteria nao wana sura yao. Kipele kimoja hukua kuliko wenzake, huwa na joto na maumivu, hujaa usaha wa manjano, au huwa lengelenge laini linalopasuka na kuacha kidonda chenye gamba la rangi ya asali. Wekundu hutambaa nje ya kipele. Mkunjo wenye harara haunuki, lakini wenye maambukizi huweza kutoa harufu mbaya. Tofauti ya mwisho ni mwenendo: harara hupungua mtoto akipozwa, ilhali maambukizi huendelea hata akipozwa.

Tuseme mtoto wa wiki 6 yuko Dar es Salaam mwezi Februari, wakati wa kaskazi, joto lina unyevunyevu na usiku haupoi. Amevishwa sweta na kofia ya sufi kwa sababu watu wanaogopa asipate kichomi, amepakwa mafuta ya mgando kuanzia utosini, kisha amefungwa kanga mbili. Shingoni na kwapani vimejaa vipele vidogo. Ananyonya vizuri, na kipimajoto cha kwapa kinaonyesha 36.9. Kwa hali hii hakuna haja ya dawa. Sweta na kofia vinavuliwa, anabaki na nguo moja nyepesi ya pamba na nepi. Anaogeshwa kwa maji ya uvuguvugu yaliyokaribia kuwa baridi, bila sabuni kwenye vipele. Mikunjo inafunguliwa mmoja mmoja na kukaushwa kwa kugusisha kitambaa laini, bila kusugua, kisha inaachwa wazi dakika chache ipate hewa. Mafuta ya mgando yanasimamishwa, kwa kuwa yanaziba yale yale matundu yaliyokwisha kuziba. Feni inaweza kuwashwa, ila ielekezwe ukutani. Ananyonya mara nyingi zaidi kuliko kawaida, na hapewi maji, kwani aliye chini ya miezi 6 hupata maji yote anayohitaji katika maziwa ya mama.

Siku ya pili vipele vipya havijatokea. Siku ya tatu shingo imekauka na ngozi inaanza kubanduka kidogo kama vumbi. Kwapa la kulia, hata hivyo, limegeuka: chembe zimeungana kuwa eneo moja bichi linalong'aa, na pembeni vimesimama vipele vitatu vilivyojitenga. Harara ilianza, ngozi ikadhoofika kwa unyevu, na fangasi wakapata mahali pa kuingia. Hili hutokea mara kwa mara, na ndiyo sababu kila mkunjo hutazamwa peke yake. Katika zahanati muuguzi anaweza kulitambua kwa macho na kutoa krimu ya klotrimazoli ya kupakwa kwa wepesi mara mbili kwa siku, na dawa huendelezwa siku kadhaa hata baada ya ngozi kuonekana imepona. Shingo haihitaji krimu hiyo.

Kasoro kubwa huanzia kwenye duka la dawa. Zipo krimu za mchanganyiko zenye dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali katika tyubu moja, na huuzwa kwa kila aina ya vipele. Steroidi hupunguza wekundu ndani ya siku moja au mbili, mzazi akadhani dawa imefanya kazi, huku fangasi wakiendelea kuenea chini ya ngozi iliyonyamazishwa. Kwenye mikunjo, ambako ngozi ni nyembamba na imefunikwa, steroidi hupenya zaidi na huweza kuikonda ngozi. Poda nayo haisaidii kama inavyodhaniwa. Ikichanganyika na jasho hugeuka tope dogo ndani ya mkunjo, na vumbi lake likivutwa na mtoto huweza kuumiza mapafu. Maji ya kuogea yaliyotiwa dawa ya kuua vijidudu huichoma ngozi iliyokwisha kuvimba. Dawa ya zambarau ikipakwa kabla mtoto hajaonwa humnyima mhudumu nafasi ya kuona rangi halisi ya ngozi.

Homa huchanganya mambo, kwa sababu mtoto aliyefungwa sana huweza kupanda joto bila ugonjwa, na mtoto mwenye malaria huweza kutoka jasho hadi akapata harara. Aliyefungwa sana avuliwe, akae mahali penye hewa, apimwe tena baada ya nusu saa. Joto likibaki 37.5 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unalihesabu kuwa dalili ya hatari, vipele viwepo visiwepo. Ni vivyo hivyo kwa mwili uliopoa chini ya 35.5, kukataa kunyonya, degedege, kulegea, na kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia. Mtoto mwenye mojawapo hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Vipele vichache vya usaha kwa mtoto asiye na dalili nyingine hutibiwa kwa antibayotiki ya kunywa kutoka kituo cha afya, naye huangaliwa tena baada ya siku 2.

Aina mbili za vipele hazisubiri kupozwa hata kidogo. Ya kwanza ni malengelenge yaliyokusanyika kwa kikundi juu ya ngozi iliyovimba kwa mtoto wa wiki za mwanzo, ambayo huweza kuwa virusi vya hepesi. Ya pili ni madoa ya zambarau au mekundu yasiyofifia yakikandamizwa kwa kioo cha glasi, kwani hayo ni damu iliyovuja chini ya ngozi.

Harara ya kawaida hupungua ndani ya siku 2 hadi 3 mtoto akipozwa. Isipopungua, au ikiongezeka, mtoto huonwa na mhudumu. Baada ya kupona, ngozi nyeusi huweza kubaki na madoa yaliyofifia au yaliyokolea kwa wiki kadhaa. Madoa hayo hayaashi, hayana chembe yakipapaswa, na hujifuta yenyewe bila kupakwa kitu.