Unaondoka kazini? Usibamize mlango!

Rafiki yangu mmoja ni mhasibu katika duka la vipuri Kariakoo. Mwezi Mei alipata ulaji mpya, mshahara karibu mara mbili. Jioni hiyo akanifuata na karatasi mbili zilizojaa malalamiko: bosi mkali, ovataimu hailipwi, chai hakuna. Nikamwambia, "Shoga, hii siyo barua, hii ni vita. Chana!"

Msomaji wangu, mhasibu siyo sawa na sisi wengine. Akiondoka ghafla, jambo la kwanza watu kunong'ona ni, "Kachukua kiasi gani?" Na huko aendako watampigia simu bosi wa zamani.

Tukaandika upya, mistari michache tu:

"Naomba kukujulisha kwamba naacha kazi ya uhasibu kwa kuwa nimepata nafasi nyingine. Natoa notisi ya siku 28 kuanzia leo, tarehe 2 Juni, na siku yangu ya mwisho ni tarehe 30 Juni. Nitafunga hesabu za Mei na kumkabidhi utakayemteua. Nashukuru kwa miaka minne ya kunilea kikazi."

Mshahara mpya hakuutaja, wala jina la kampuni. Zile siku 28 hatukuzibuni. Zimo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa anayelipwa kwa mwezi. Sheria inataka pia notisi iwe ya maandishi, yenye sababu na tarehe. Ukigoma kufanya kazi siku hizo, mwajiri anaruhusiwa kukata fedha zake kwenye malipo yako.

Barua hakuiacha mezani. Aliomba dakika tano, akamweleza mzee kwa mdomo kwanza, kisha akampa kwa mikono miwili. Mzee alinuna siku mbili, baadaye akauliza, "Sasa VAT nani ataipeleka?" Akajibiwa, "Mimi, mzee, kabla ya tarehe 20."

Kasheshe ilikuja siku ya makabidhiano. Peti keshi ni shilingi 500,000. Zilihesabiwa noti 185,000, na vocha za 300,000. Je, 15,000 ziko wapi? Shoga alitokwa jasho! Wakapekua mpaka wakaona dereva alipewa za mafuta bila kusaini vocha. Dereva akaitwa, akasaini. Angekuwa ameshaondoka, hiyo elfu kumi na tano ingeitwa wizi.

Baada ya hapo waliandika orodha: vitabu vya hundi, funguo za sefu, stakabadhi, barua ya kuiambia benki imwondoe kwenye watia saini. Wote watatu wakatia sahihi, naye akabaki na nakala. Akaomba na cheti cha utumishi, ambacho ni haki yake.

Tarehe 30 mzee alimnunulia soda na kusema, "Ukikwama huko, rudi."

Yale malalamiko? Alinisimulia mimi. Haya, tukutane wiki ijayo!