Asilimia ya Kibaba Kipi?

Ikifika wiki ya tatu ya Desemba, Dar es Salaam huanza kupungua watu. Wanaokwenda kula sikukuu Moshi, Rombo na Arusha wanasaka tiketi, na wengi wao hawana haja tena ya kufika Kituo cha Magufuli kubishana na wapiga debe, kwani basi linachaguliwa kwenye simu. Tuchukulie kampuni moja ya kubuni inayouza tiketi hizo. Mwezi wa Machi tovuti yake ina wateja wachache, lakini saa mbili usiku ya tarehe 20 Desemba wanamiminika maelfu kwa mara moja.

Kampuni hiyo inaendesha tovuti yake kwenye Kubernetes, mfumo ambao Google iliutoa hadharani mwaka 2014. Kazi yake ni kupanga programu kwenye kundi la kompyuta, na kila kompyuta katika kundi hilo huitwa nodi. Nakala moja ya programu ikiwa kazini huitwa podi, na ndani ya podi huwa na kontena moja au zaidi. Wateja wakizidi, unaweza kutafuta kompyuta kubwa zaidi, au unaweza kuongeza podi za aina ileile zigawane kazi. Njia hii ya pili Kubernetes inaweza kuifanya yenyewe, usiku wa manane, bila kumwamsha fundi. Chombo kinachoifanya kinaitwa `HorizontalPodAutoscaler`, na mafundi hukiita HPA.

HPA haina akili nyingi. Kila sekunde 15 inasoma kipimo ulichoichagulia, inakilinganisha na lengo ulilolitaja, kisha inapiga hesabu moja tu:

```
podi zinazotakiwa = ceil(podi za sasa × kipimo cha sasa / lengo)
```

Hiyo `ceil` maana yake ni kupandisha desimali hadi namba nzima inayofuata. Tofauti kati ya kipimo na lengo ikiwa ndani ya asilimia 10, HPA inanyamaza, isije ikawa inaongeza na kupunguza podi kila dakika bila sababu. Kwa kawaida ni nyepesi kuongeza na nzito kupunguza: kabla ya kuondoa podi hutazama mapendekezo ya dakika tano zilizopita na kufuata lililo kubwa kuliko yote.

Kipimo ambacho karibu kila mtu huanza nacho ni matumizi ya kichakataji. Fundi wa tiketi zetu aliandika hivi:

```yaml
metrics:
- type: Resource
  resource:
    name: cpu
    target:
      type: Utilization
      averageUtilization: 60
```

Yaani wastani wa matumizi ya podi zote uwe asilimia 60. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, na ndipo ninapotaka tukae kidogo. Asilimia 60 ya nini? Ukimuuliza mtu aliyeweka mipangilio hii kwa kunakili, atakujibu kuwa ni ya kompyuta. Sivyo. Nodi inaweza kuwa na viini vinne vya kichakataji au sitini na vinne, HPA haijui wala haijali. Wala si asilimia ya kikomo ambacho kontena haliruhusiwi kukivuka. Ni asilimia ya ombi la rasilimali, ile namba ambayo mwenye programu aliiandika mwenyewe alipokuwa anaieleza podi yake:

```yaml
resources:
  requests:
    cpu: 500m
```

`500m` ni nusu ya kiini kimoja cha kichakataji, kwa sababu kiini kizima kinahesabiwa `1000m`. Ombi hili ndilo kibaba: matumizi yanapimwa kwa kibaba ulichokuja nacho mwenyewe, na kibaba kikiwa kibovu, namba inayotoka itakuwa sahihi kihesabu na potofu kimaana.

Tuipige hesabu ya saa mbili usiku. Kuna podi nne, na kila moja inatumia `450m`. Kwa ombi la `500m`, hayo ni matumizi ya asilimia 90. Nne mara 90 gawanya kwa 60 ni sita. HPA inaongeza podi mbili, mzigo wa jumla wa `1800m` unagawanywa kwa sita, kila podi inabaki na `300m`, ambayo ni asilimia 60 barabara.

Sasa weka wateja walewale, podi zilezile nne na matumizi yaleyale ya `450m`, lakini fundi awe ameandika ombi la `250m`. Matumizi yanasomeka asilimia 180, na jibu linakuwa podi 12. Kampuni inalipia podi mara mbili ya zinazohitajika. Na kama fundi mwoga alijiandikia `1000m` ili awe salama? Matumizi yanasomeka asilimia 45. Nne mara 45 gawanya kwa 60 ni tatu. Baada ya dakika tano za kusubiri, HPA inaondoa podi moja, usiku ambao tovuti inaelemewa na watu kuliko usiku mwingine wowote wa mwaka. Hakuna kilichoharibika. Mfumo umefanya ulichouambia.

Kwa hiyo anayebadilisha ombi la podi amebadilisha pia tabia ya HPA, hata kama faili la HPA hakuligusa. Mara nyingi mabadiliko hayo hufanywa na mtu mwingine kabisa, anayejaribu kupunguza gharama, na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili mpaka msimu ufike.

Je, ombi lisipoandikwa kabisa? Kugawanya kwa kitu kisichokuwepo hakuwezekani, hivyo HPA inaacha kukifanyia kazi kipimo hicho. Haipigi kelele, na tovuti inaendelea na podi nne zilezile. Dalili iko kwenye `kubectl get hpa`: safu ya `TARGETS` inaonyesha `<unknown>/60%` mahali pa asilimia. Ukiendelea na `kubectl describe hpa`, utakuta `ScalingActive` ni `False` na ujumbe wenye maneno `missing request for cpu`. Alama hiyo ya `<unknown>` inaweza pia kutokea pale ambapo `metrics-server`, programu inayokusanya matumizi kutoka kwenye nodi, haijasakinishwa au imekwama, kwa hiyo soma ujumbe kabla ya kulaumu.

Mtego unaonasa hata wazoefu ni huu. Programu ya tiketi ina ombi lake, safi kabisa. Siku moja timu ya usalama inaongeza ndani ya podi kontena la pili, dogo, la kusafirisha kumbukumbu za matukio, nalo halina ombi. Kontena moja lisilo na ombi linatosha kuifanya asilimia ya kichakataji isihesabike. Kwa HPA inayotegemea kipimo hicho peke yake, kuongeza na kupunguza podi kumekoma siku hiyo, na anayeweza kulitambua ni yule tu anayeangalia ile safu.

Kikomo nacho kina lake. Tuseme ombi na kikomo vyote ni `500m`. Podi haiwezi kutumia zaidi ya hapo, hivyo asilimia haitapita 100, hata wateja wakizidi mara kumi. Kutoka podi nne HPA itaona saba zinatosha, kisha 12, kisha 20. Inapanda ngazi huku wateja wakisubiri, kwa sababu kipimo chenyewe kimefika ukomo na hakiwezi kueleza ukubwa halisi wa mzigo.

Kuna kazi ambazo kichakataji hakizisemi kabisa. Kampuni yetu ina programu ya pili, inayoshughulikia malipo. Inachukua oda kwenye foleni, inatuma ombi la malipo kwenye mtandao wa simu, kisha inasubiri mteja aweke namba ya siri. Kusubiri hakutumii kichakataji. Podi tatu za malipo, kila moja ikiwa na ombi la `200m`, zinatumia `20m` tu kila moja, yaani asilimia 10, wakati kwenye foleni kuna oda 900. Ukiiwekea HPA lengo la asilimia 60, itapiga hesabu na kusema podi moja inatosha.

Hapo ndipo unapotumia kipimo chako mwenyewe. Urefu wa foleni unakusanywa na chombo kama Prometheus, kisha kiunganishi kama Prometheus Adapter kinaufikisha mahali HPA inaposoma. Ukiweka lengo hili:

```yaml
- type: External
  external:
    metric:
      name: foleni_malipo
    target:
      type: AverageValue
      averageValue: "100"
```

unaiambia HPA kila podi ibebe oda 100. Oda 900 zinahitaji podi tisa. Hesabu hii haina asilimia, na ombi la rasilimali halimo ndani yake. Unaweza pia kutaja kipimo hiki pamoja na kile cha kichakataji, na HPA itafuata kinachotaka podi nyingi zaidi.

Wapo wanaofurahi hapa na kuyafuta maombi yote, kwa kuwa foleni haiyahitaji. Ni kosa. HPA hutaja idadi tu, na anayezitafutia podi nodi za kukaa ni mpangaji, ambaye husoma ombi. Podi sita mpya za `200m` zinataka `1200m`. Ikiwa nodi iliyobaki na nafasi ina `800m`, nne zitaingia na mbili zitabaki `Pending`, zikiwa na ujumbe `Insufficient cpu`. Ujumbe huo unauma, lakini una faida, kwani chombo cha kuongeza nodi, Cluster Autoscaler, kinaamka kwa kuona podi za namna hiyo na kinapima ukubwa wake kwa maombi hayohayo. Ukiyafuta, mpangaji anaziona podi zote tisa hazihitaji kitu, anazijaza kwenye nodi zilizokwisha kuelemewa, na hakuna nodi mpya itakayoitwa. Podi zisizo na ombi wala kikomo chochote ndizo pia huwa mstari wa mbele kufukuzwa kumbukumbu ya nodi inapokwisha.

Hata hivyo, podi nyingi si dawa ya kila kitu. Kama kinachochelewesha malipo ni hifadhidata iliyolemewa, podi tisa zitaifungulia miunganisho mingi kuliko tatu na kuizidishia maradhi. HPA haiwezi kuliona hilo.

Namba ya ombi hupatikana kwa kupima. Tazama `kubectl top pod --containers` saa za kazi za kawaida kwa siku kadhaa, pitisha programu kwenye jaribio la mzigo, kisha andika ombi linalokaribia yale ambayo podi inatumia ikihudumia vizuri. Kama una HPA inayofanya kazi sasa hivi, andika `kubectl get hpa -A` leo, na usiache safu yoyote yenye `<unknown>` ifike Desemba.