Hanywi Pombe, Ini Linalalamika

Dereva wa miaka 45, asiyeonja pombe, amepima afya na kukuta ALT 72 na AST 48. Maabara nyingi huweka kikomo karibu na 40. Vimeng'enya hivi huvuja kwenye damu seli za ini zinapoumia. Kwa mwenye kitambi kama yeye, ALT ikiizidi AST, mshukiwa wa kwanza ni mafuta kwenye ini. Hata hivyo daktari hakisii: anapima homa ya ini B na C, anauliza dawa anazotumia, na za mitishamba pia (hizo wengi huzificha). AST hutoka hata kwenye misuli, kwa hiyo mazoezi mazito huipandisha. Macho yakiwa ya njano, nenda hospitali siku hiyohiyo.