Picha ya Daftari la Bodaboda

Kila jioni, dereva wa bodaboda wa Dar es Salaam anapiga picha ukurasa wa daftari lake, jino la kilomita likionekana pembeni. Daftari hulowa mvua, picha inabaki.

Tuseme kwa siku 6 ameingiza shilingi 180,000. Mafuta yamekula 54,000, hesabu ya tajiri 60,000, oili na kuziba pancha 15,000. Kilichobaki ni 51,000.

Hapo ndipo wengi hujidanganya. Seti ya cheni na sproketi ya 36,000 ikinunuliwa wiki moja, wiki hiyo huonekana mbovu, ingawa chuma kimelika kwa miezi. Ikidumu wiki 12, kila wiki ibebe 3,000. Faida halisi ni 48,000. Na tangi? Lijazwe Jumamosi kama lilivyojazwa mwanzo, la sivyo mafuta ya wiki ijayo yataingia humu.