Umeme Ukirudi, Betri Yako Inajaa?

Maeneo mengi ya Dar es Salaam umeme ukikatika haukawii kurudi. Unaondoka dakika ishirini, unarudi saa nzima, unaondoka tena. Kila mara ruta inaanza upya kutafuta mtandao, na king'amuzi kinaanza upya kutafuta mawimbi ya dishi. Ndiyo maana wengi sasa wananunua UPS ndogo, ile inayokaa kati ya adapta na ruta na kutoa volti 12 bila kupitia inveta. Runinga haiwezi kuiwasha, lakini king'amuzi kisipozimika, umeme ukirudi picha inakuja mara moja.

Kosa la kwanza hufanyika dukani, mbele ya boksi lililoandikwa 10400mAh. Mnunuzi anazidisha kwa volti 12, anapata wati-saa 125, anaamini atapata karibu saa nane. Namba ile huhesabiwa kwa volti za seli zilizo ndani, na seli ya lithiamu ina volti 3.7. Hesabu sahihi ni 10.4 mara 3.7, yaani wati-saa 38. Kupandisha volti 3.7 kufika 12 kunapoteza sehemu ya nguvu, kwa hiyo ondoa moja ya tano hivi. Zinabaki kama wati-saa 30 za kutumia.

Sasa tuchukue nyumba moja. Ruta inakula wati 6, king'amuzi pamoja na kichwa cha dishi wati 10, jumla 16. Usichukue namba za kwenye adapta, kwa sababu 12V 1.5A ni kiwango cha juu inachoweza kutoa, na vifaa kwa kawaida hula pungufu. Gawa 30 kwa 16: unapata saa mbili kasoro kidogo. Kwa nyumba inayokatiwa umeme dakika ishirini mara tatu kwa jioni, hiyo inatosha kabisa. Kila katizo linachota kwenye seli karibu wati-saa 7, na yote matatu ni 21.

Mpaka hapo mambo ni mazuri, na wauzaji wengi huishia hapo. Lakini mahali ambapo umeme unakatika mara kwa mara, swali kubwa ni jinsi betri inavyojaa kati ya katizo moja na jingine. Umeme ukirudi, adapta inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inalisha vifaa na inachaji seli. Adapta ya 12V 1.5A inatoa wati 18. Vifaa vinachukua 16, na mbili zinazobaki zinapotelea kwenye saketi. Betri haipati kitu. Adapta ya 12V 2A inatoa wati 24, na baada ya vifaa kula na upotevu kuondoka, zinabaki kama 5 za kuchaji. Zile wati-saa 7 zitarudi baada ya saa moja na nusu. Umeme ukikaa saa moja tu, kila mzunguko unaacha pengo la wati-saa 2, ambalo usiku mzima wenye umeme utaliziba.

Dalili ya adapta dhaifu ni rahisi kuitambua. Siku ya kwanza UPS inadumu saa mbili, siku ya tatu inazima baada ya dakika chache, na taa ya kuchaji haionyeshi kamwe kwamba betri imejaa. Wengi hukimbilia kulaumu betri na kununua kubwa zaidi, wakati betri kubwa kwa adapta ileile itakuwa tupu vilevile. Soma palipoandikwa INPUT kwenye UPS. Kama panakubali 12V 3A, weka adapta ya 3A. Kama panaishia 2A, basi acha king'amuzi nje, au kila kifaa kiwe na UPS yake.

Dalili nyingine ni king'amuzi kuzimika na kuwaka upya palepale umeme unapokatika, ilhali ruta inaendelea. Hapo angalia OUTPUT: huenda UPS inatoa ampea chache kuliko king'amuzi kinavyohitaji.

Uzito pia husema kweli. Seli za kawaida za aina ya 18650 huwa na gramu 45 hadi 50 kila moja, na hata zilizo bora hazizidi sana 3500mAh. Boksi jepesi linaloweza kubeba seli mbili tu, kisha likadai 20000mAh, linadanganya.

Ukishafunga, jaza betri usiku kucha, kisha chomoa adapta ukutani na hesabu kwa saa ya simu mpaka ruta izime. Rudia baada ya miezi sita. Muda ukishuka chini ya nusu ya ule wa kwanza, badilisha seli, na wala usiiweke UPS juu ya ruta yenye joto, maana joto ndilo linalozizeesha haraka.