Je, Wajua? Boga, Ua Lake na Mkalimani wa Harusi

Je, wajua kwamba Kiingereza kina methali iliyo ndugu wa "Ukipenda boga, penda na ua lake", lakini ukiitumia harusini unaweza kuwaudhi wakwe? Methali hiyo inamtaka anayempenda mtu ampende na mbwa wake. Ni ya kale mno. Bernardo wa Clairvaux, mtawa Mfaransa aliyefariki mwaka 1153, aliitaja kwa Kilatini katika mahubiri kama msemo uliokuwa tayari midomoni mwa watu, na John Heywood akaitia katika mkusanyo wake wa methali za Kiingereza uliochapishwa mwaka 1546. Kimaana, hizi mbili zinalingana: mpende mwenzako pamoja na walio wake. Ndiyo maana mkalimani mwenye haraka huidaka hiyo ya mbwa, akaona kazi imekwisha. Sasa fikiria ukumbi wa Tanga au Mombasa, mama wa bwana harusi amekaa meza kuu, na bibi harusi anaambiwa ampende mumewe na mbwa wake. Mbwa ni nani hapo?

Boga lenyewe lina mantiki ambayo wageni wakiipata huifurahia. Kwenye mmea wa boga, ua la kike huota kwenye ncha ya kiboga kichanga. Lisipochavushwa, kiboga hunyauka na kudondoka. Ua hutangulia, boga hukomaa baadaye, kama wazazi na mtoto. Wapo wanaosema "ua" wa methali hii ni uzio wa nyumba, lakini sarufi inawakatalia, kwa kuwa uzio ungekuwa "ua wake". Methali imesema "lake", nalo ni ua linalochanua.

Tuchukue basi hotuba ya baba mkubwa wa bibi harusi, bwana harusi akiwa ametoka Uingereza na wazazi wake. Baba mkubwa anasema: "Binti yangu, leo umepata mume. Lakini Waswahili tunasema, ukipenda boga..." Ukumbi unadakia kwa sauti moja: "penda na ua lake!" Vigelegele. Naye anaendelea: "Basi mama huyu aliyekaa hapa ni mama yako, na mzee huyu ni baba yako. Wakwe zetu, karibuni nyumbani."

Mkalimani mzuri atasema nini? Nikiyarudisha maneno yake ya Kiingereza katika Kiswahili, yanakuwa hivi: "Binti yangu, leo umepata mume. Sisi tuna msemo, na mmesikia ukumbi mzima ukinisaidia kuumalizia: ukipenda boga, lipende na ua lililotangulia. Mama huyu na mzee huyu ndio ua hilo. Kuanzia leo ni mama yako na baba yako. Wakwe zetu, karibuni nyumbani." Hakuondoa kitu cha maana. Ameongeza hasa mambo mawili: sababu ya kelele za ukumbi, na kidole kinachowaelekea wazazi. Bila hilo la kwanza, mgeni hubaki akijiuliza watu wanashangilia nini, na mzungumzaji anapofika kwenye neno la upole kwake, yeye bado yuko nyuma.

Je, wajua kwamba mkalimani husema "binti yangu" hata kama bibi harusi anamzidi umri? Wakalimani wa fani huzungumza kwa nafsi ya kwanza, kana kwamba wao ndio mzungumzaji. Akianza kusema "anasema kwamba binti yake amepata mume", uchangamfu wa hotuba hufa papo hapo, ikawa kama taarifa ya habari. Lakini harusini nafsi ya kwanza ina mtego wake. Kiingereza kina neno moja tu kwa baba mkubwa, baba mdogo na mjomba, na neno hilo si baba. Wageni wakisikia "binti yangu" kutoka kwa mzee ambaye kwenye kadi hakuandikwa kuwa baba, huanza kunong'onezana. Dawa yake ni sentensi moja wakati wa kumtambulisha, kabla hajafungua kinywa: huyu ni kaka mkubwa wa baba mzazi, na kwa desturi yetu yeye pia ni baba. Baada ya hapo "binti yangu" halina utata.

Si kila methali huhitaji msindikizaji. "Chanda chema huvikwa pete" hupita yenyewe. Wageni wametoka kuiona pete ikivishwa saa chache zilizopita. "Wagombanao ndio wapatanao" nayo hupita bila kikwazo. Inayotaka uangalifu kuliko zote ni "Mke ni nguo, mgomba kupalilia". Kwetu ni agizo kwa mume: mgomba usiopaliliwa haukui vizuri, na mke asiyetunzwa hastawi. Ikitafsiriwa neno kwa neno, mgeni husikia mwanamke akiitwa kitambaa, na uso wake hubadilika. Hapa mimi naona ni halali kuanza na mgomba, kisha kutaja nguo kama kitu ambacho mume anawajibika kukitoa. Kwenye harusi za Waislamu wa pwani kuna msaada mwingine. Aya ya 187 ya sura ya Al-Baqara inawaeleza mume na mke kuwa kila mmoja ni vazi la mwenzake, na mara nyingi shehe huwa amekwisha kuitaja wakati wa nasaha. Mkalimani akiikumbusha, nguo inakuwa ya wote wawili.

Je, wajua kwamba joto la nasaha za wazee limejificha katika silabi chache? "Pendaneni, heshimianeni, vumilianeni." Hiyo "-an-" inaonyesha kwamba kila mmoja anamtendea mwenzake, na "-eni" inawaambia wote wawili kwa pamoja. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Hutumia maneno mawili kamili baada ya kitenzi. Mkalimani mvivu huyasema mara moja mwishoni mwa vitenzi vyote vitatu. Sarufi haina kosa, lakini mapigo yamepotea. Ayarudie mara tatu, kila kitenzi na yake, nasaha zitapiga kama alivyozipiga mzee.

Kurudia huko kunakula muda, na tafsiri ya zamu, ambapo mzungumzaji husema kisha akasubiri, hukaribia kuifanya hotuba ya dakika tano kuwa ya dakika kumi. Wapishi wanasubiri, watoto wamechoka. Ni bora mzungumzaji asimame kila baada ya sentensi mbili au tatu, ila asisimame katikati ya methali, kwa kuwa nusu ya kwanza ni ya ukumbi kujibu na nzima ndiyo ya mkalimani. Jean-François Rozan, aliyechapisha mwaka 1956 kitabu cha mbinu za kuandika katika tafsiri ya zamu, alipendekeza alama 20 tu, na kanuni yake ya kwanza ilikuwa kuandika wazo badala ya neno. Kwa "boga", mchoro wa duara lenye ua juu yake unatosha.

Limebaki la kuuliza kabla ya sherehe. Kiswahili kinaweza kusifia mtu dakika nzima bila kufichua kama ni mwanamume au mwanamke: "Yeye ndiye aliyenipigia simu, akaniambia mwenzake anaumwa, akakesha naye hospitalini." Ni nani aliyeumwa, na nani aliyekesha? Kiingereza hulazimika kuchagua kuanzia neno la kwanza, na mkalimani akikosea, sifa ya bibi harusi huenda kwa bwana harusi mbele ya watu mia tatu. Mkalimani akae na baba mkubwa mapema, amwombe amsimulie kila kisa na kumtaja kila mtu kwa jina, na aandike majina hayo pembeni mwa karatasi yake.